Glasi Tatu: Jinsi ya Kuonja Kawa Ikiwa Unapikia Katindo

Kikombe kilichojaa kinaficha mambo. Anayetaka kujua kawa yake imetoka vizuri au imeharibika aigawe kwanza ingali inachuruzika. Weka gramu 20 za kawa iliyosagwa kadiri ya wastani, yenye punje kama za mchanga, ndani ya chujio la kitambaa au la karatasi. Panga glasi tatu mezani. Mimina maji kidogo ya kulowesha, subiri kama nusu dakika unga uvimbe na kutoa hewa yake, kisha endelea kumimina taratibu mpaka ufikishe mililita 340 hivi. Glasi ya kwanza ikifika mililita 100, iondoe na uweke ya pili, halafu ya tatu. Mililita 40 zilizobaki zimenywewa na unga wenyewe na hazitatoka.

Tazama rangi kwanza. Ya kwanza ni nyeusi na nzito, ya pili ni kahawia iliyokolea, ya tatu inafanana na chai ya rangi. Ziache zipoe kidogo, kwa sababu ulimi uliochomwa hauonji kitu, kisha anza na ya kwanza. Kwa kawa nzuri ya ng'ambo ya Minova, ile arabika ya aina ya Bourbon inayooshwa kwenye vituo kama vya ushirika wa SOPACDI na kukaangwa isifike weusi, glasi hiyo itakukunja uso. Ina uchachu mkali wa marakuja, na chini yake kuna kitu kama chumvi. Glasi ya pili ni tulivu zaidi: uchachu umepungua na utamu wa sukari guru umejitokeza. Ya tatu ni nyepesi, ina uchungu, na ukishameza inakuachia ulimi mkavu.

Utaratibu huo una sababu. Maji ya moto yanaanza kuyeyusha vitu vyote vya kawa kwa wakati mmoja, lakini kila kimoja kina mwendo wake. Asidi za matunda na madini ni molekuli ndogo zinazopenda maji, basi zinakimbia mbele. Zinafuatwa na vitu vilivyotengenezwa na moto wa kukaangia, vile vyenye harufu ya karanga, mkate na sukari iliyoungua. Mwisho zinajikokota molekuli kubwa na nzito, ambazo nyingi zake ndizo zinazobeba uchungu na ukakasi. Kafeini inaivuruga hesabu hii kidogo: yenyewe ni chungu, lakini inayeyuka mapema pamoja na zile za mbele. Imo tele katika glasi ya kwanza, ila uchachu umeifunika, na kwa vyovyote mchango wake katika uchungu wa kikombe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Na ule utamu tusiuite sukari. Karibu sukari yote ya buni huteketea kwenye kikaango. Tunachokiita utamu katika glasi ya pili ni harufu ya sukari iliyoungua, pamoja na nafuu ambayo ulimi unaipata baada ya asidi kupungua. Ndiyo maana utamu huo hauongezeki kwa kungoja zaidi. Upo katikati ya uchachu na uchungu, na kazi yote ya mpikaji ni kusimama hapo.

Sasa changanya. Mimina glasi ya kwanza na ya pili katika kikombe kimoja, uonje. Ni kali, imejaa, ina uchachu wa juu na utamu nyuma yake. Ongeza glasi ya tatu kijiko kwa kijiko, ukionja kila mara. Mwanzoni ukali unapungua na kikombe kinatulia. Halafu inafika mahali ambapo ule ukavu unaanza kushika pande za ulimi, na hapo ndipo kawa yako ilipaswa kukoma. Kama mahali hapo pamefika mapema, rudia kwa unga mwingine, na safari hii usitumie kabisa ile glasi ya tatu. Weka maji ya moto matupu badala yake. Kikombe kitakuwa na ujazo uleule bila uchungu, kwa sababu glasi ya tatu ilikuwa imebeba kidogo sana cha maana. Zaidi ya nusu ya vyote vilivyoyeyuka vilikuwa katika ile ya kwanza.

Ernest Lockhart, mwanakemia Mmarekani, aliyapima haya katika miaka ya 1950. Buni iliyokaangwa inaweza kutoa karibu asilimia 30 ya uzito wake ndani ya maji, lakini wanywaji walipendelea kikombe kilichotoa kati ya asilimia 18 na 22. Katika gramu zetu 20 hiyo ni kama gramu 4. Ukichukua chini ya hapo umebaki kwenye uchachu, ukichukua zaidi unakwangua uchungu. Namba hizo ziliwahusu wanywaji wa Marekani wa enzi zile, na mimi sizifanyi sheria. Faida yake ni kutukumbusha kwamba theluthi ya vile vinavyoweza kuyeyuka ni afadhali vibaki kwenye chujio.

Hapo ndipo dakika zinapoingia. Kwa kawa ya kuloweka katika birika au presi, tumia gramu 30 kwa nusu lita ya maji na chota kijiko cha kuonja kila baada ya muda. Kwenye dakika ya pili utakuta uchachu uliosimama peke yake, na kikombe kina utupu katikati. Kwenye dakika ya nne utamu umefika. Ya sita mara nyingi ndiyo bora kwa kawa iliyokaangwa wastani. Kawa nyeusi yenye mafuta juu ya punje inayeyuka haraka na ina uchungu mwingi tangu mwanzo, kwa hiyo dakika tatu zinaitosha. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba kuanzia dakika ya sita hadi ya kumi tofauti ni ndogo. Maji yaleyale yamekwisha kubeba mzigo na yamepoa, hayana tena nguvu ya kuvuta. Waonjaji wa kazi hutumia bakuli la kulowekea, huvunja utando wa juu kwenye dakika ya nne na kuendelea kuonja kwa dakika 20 au zaidi, na kawa yao haiharibiki. Kwenye chujio mambo ni tofauti, kwa kuwa kila tone jipya ni maji matupu yenye njaa. Na sufuria iliyoachwa itokote na unga wake juu ya mbabula ndiyo mbaya kuliko zote, maana moto haupoi na maji hayachoki.

Usagaji nao ni saa ya pili. Unga laini unatoa kwa dakika mbili kile ambacho unga wa punje kubwa unatoa kwa sita. Tatizo ni kawa ya kutwanga kwenye kinu, ambayo ina vumbi na vipande vikubwa pamoja: vumbi limeshafika kwenye uchungu wakati vipande bado viko kwenye uchachu. Kikombe kama hicho kinachachuka na kuwa kichungu kwa mpigo mmoja, na hakuna dakika yoyote itakayokiponya. Pitisha unga kwenye chekeche, vumbi liweke kando, vipande virudishe kinuni.

Watu wengi huchanganya uchachu na uchungu, hasa kawa ikiwa nzito. Mate ndiyo yanayotenganisha. Uchachu unafanya mate yatiririke mara moja, chini ya ulimi na kwenye pembe za taya. Uchungu unachelewa, unakaa nyuma, na bado upo baada ya kumeza. Ukakasi unanyang'anya mate, mdomo ukawa kama umeuma ndizi mbichi. Mate yakitiririka na katikati pakawa tupu, ongeza muda au saga laini zaidi. Mdomo ukikauka, punguza.

Ila Katindo, hapa Goma, ina mambo yake mawili ambayo vitabu vya Ulaya havikuyafikiria. La kwanza ni mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Ushauri wa kuacha maji yatulie kidogo baada ya kuchemka uliandikwa kwa watu wa chini. Hapa ukisubiri hivyo unaingia kwenye nyuzi 90 au pungufu, na kawa iliyokaangwa kidogo inabaki na uchachu hata ukiipa muda. Mimina maji yangali yanatokota.

La pili linapotosha zaidi. Maji ya bomba ya Goma yanapampiwa kutoka Ziwa Kivu, na ziwa hilo lina bikaboneti nyingi ajabu, zaidi ya mara nane ya kiwango ambacho watu wa kawa hukiona kinafaa. Bikaboneti ndiyo ile iliyomo kwenye magadi, na kazi yake inapokutana na asidi ni kuiua. Fanya jaribio la glasi tatu kwa maji hayo, na ile ya kwanza haitakukunja uso. Itakuwa butu, na ladha ya chaki. Mwonjaji asiyejua atasema asidi zimepitwa kwa sababu kawa imekaa mno kwenye maji, atapunguza muda, na kikombe kitazidi kuwa chepesi na kitupu. Kumbe asidi zilitoka kwa wakati wake, zikafia ndani ya maji. Kuchemsha hakuiondoi bikaboneti yote, hata ukiona ganda jeupe limeshika birika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa dakika, onja kawa ileile kwa maji mawili: ya bomba, na ya chupa yenye madini machache. Soma lebo, mahali palipoandikwa bikaboneti, na utafute namba iliyo chini ya 100. Tofauti ikijitokeza kwenye glasi ya kwanza, kosa ni la maji. Ikibaki ileile, rudi kwenye muda na usagaji. Anayetaka kupunguza matumizi ya chupa achanganye maji ya bomba kidogo sana na maji mepesi mengi. Maji ya mvua ya kwenye bati ni laini, lakini chini ya moshi wa Nyiragongo yanaweza kubeba asidi na floraidi ya volkano, kwa hiyo mimi siyatumii kuonjea.

Yapo makosa mawili ambayo dakika za kupika hazihusiki nayo. Kawa iliyokaa asubuhi nzima kwenye thamosi inaanza kuchachuka upya, uchachu mkavu usio na tunda lolote ndani yake. Baadhi ya vitu vilivyozaliwa na kukaanga vinavunjika vikiwekwa kwenye joto na kugeuka asidi. Usiusome uchachu huo kama dalili ya muda mfupi. Kunywa ndani ya nusu saa au pika nyingine. Lingine ni harufu ya kiazi kibichi, ugonjwa unaojulikana vizuri katika nchi zetu za Maziwa Makuu na unaohusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Buni moja tu inaweza kuichafua birika nzima. Harufu hiyo hutoka unaposaga, kabla hata maji hayajaguswa, kwa hiyo saga kila kipimo peke yake, unuse, na kinachonuka kiazi ukitupe kabla hakijafika kwenye chujio.