Suruali ya Mtumba: Lipi Umlipe Fundi, Lipi Uliache Mezani

Pale Karume, Ilala, mnunuzi wa suruali hufunga kifungo, akaushika ukanda wa kiuno kwa ncha zake mbili na kuuzungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma bila kubana, muuzaji anamwambia imemtosha, alipe waendelee. Kipimo hiki si uzushi, kwa kuwa shingo ya watu wengi hukaribia nusu ya kiuno chao. Kasoro yake ni kwamba kinapima sehemu ambayo fundi huirekebisha kwa urahisi, halafu kinanyamaza kuhusu sehemu ambazo fundi hana la kufanya.

Sehemu hizo ni nyonga, mapaja, na urefu wa kutoka ukanda hadi pale miguu inapoachana. Huo wa mwisho ndio huumiza wengi. Ukiwa mfupi, suruali inakata katikati ukikaa na inashuka nyuma ukiinama, na hakuna kitambaa popote ndani ya nguo cha kuurefusha. Ukiwa mrefu mno, kuupunguza maana yake ni kuivua suruali ukanda, zipu na mifuko, yaani kuishona upya. Ndiyo maana mtu anayejua hutoka nyumbani na futi mfukoni na vipimo vitatu vya suruali inayomkaa vizuri, alivyovichukua ikiwa imelazwa mezani. Suruali ikipita kwenye vitatu hivyo, kiuno kikubwa na miguu mirefu visimtishe.

Tuchukue suruali ya sufu ya kijivu, ya ofisini, iliyopita nyongani na mapajani. Kiuno ni inchi 36 na mvaaji ni wa 34. Miguu imezidi inchi 3. Tuseme muuzaji anataka shilingi 8,000, na fundi wa mtaani atadai 4,000 kwa kiuno na 2,000 kwa pindo. Kabla ya kutoa hela, igeuze ndani nje uangalie mshono wa katikati nyuma, ule unaoanzia ukandani na kupita kati ya makalio. Kwenye suruali rasmi iliyoshonwa vizuri, ukanda wenyewe nao umekatwa hapo na kuunganishwa kwa mshono huohuo. Waliotengeneza walikusudia hivyo ili nguo ije kurekebishwa. Fundi anafumua lupu ya katikati, anaingiza inchi 1 kila upande pale juu, anaushusha mshono mpya taratibu hadi ukutane na wa zamani chini ya makalio, anapiga pasi na kurudisha lupu mahali pake. Hagusi zipu wala mifuko. Kazi kama hiyo inastahili ile 4,000.

Sasa tuseme mvaaji ni wa 32. Inchi 4 zikitolewa zote hapo nyuma, mifuko miwili ya nyuma inasogeleana, mishono ya ubavuni inavutwa kuelekea nyuma, na makalio yanabaki na kitambaa kilichokunjamana. Fundi muungwana atakuambia mapema: “Kaka, hapa mifuko itabusiana.” Anayetaka hela tu atakubali. Kwa suruali nyingi, mwisho wa kupunguza nyuma ni kama inchi 2. Zaidi ya hapo ni lazima afumue pia mishono ya ubavuni, ambako kuna mifuko ya pembeni, na bei inapanda kwa haki kabisa. Suruali ya namna hiyo iache mezani, ukatafute nyingine.

Mshono huohuo wa katikati nyuma ndio unaoruhusu kuongeza, mradi ziada ya kitambaa bado ipo ndani. Ikibaki inchi 1 kila upande, unaweza kupata kama inchi 1 na nusu ya kiuno, kwa sababu fundi lazima abakize kidogo cha kushikia uzi. Lakini kabla hujashangilia, fungua mshono kwa vidole na ulinganishe rangi ya ndani na ya nje. Kama nje kumepauka, mstari mweusi utaonekana makalioni siku ya kwanza kuvaa. Angalia pia vitundu vya sindano sambamba na mshono. Hivyo ni ushahidi kwamba kuna fundi alishapita hapo, huenda akiwa Ulaya, na pengine ameshaikata ziada yote.

Jinzi ni habari nyingine. Ukanda wake ni kipande kimoja kinachozunguka bila mshono nyuma, na chini yake mishono imelaliana na kushonwa kwa nyuzi mbili. Kupunguza kiuno vizuri kunataka kufumua ukanda, kuukata, kuurudisha, kisha kutafuta uzi wa rangi ya ule wa kiwandani. Wengine wanakwepa kwa kufinya vikunjo viwili chini ya ukanda, na vinatuna kama mifuko mitupu. Kwa jinzi, mimi ningelipia pindo tu. Hata hapo, mwombe fundi abakishe pindo la asili lililochakaa na kulishonea juu ya mguu uliofupishwa, na aweke sindano nene, maana pale mishono inapokutana kitambaa ni tabaka nyingi na sindano nyembamba inaruka au kuvunjika.

Tukirudi kwenye suruali yetu ya kijivu, pindo lishonwe mwisho. Kiuno kikishabanwa, suruali inapanda, na urefu uliopimwa mwanzo haufai tena. Vaa viatu utakavyoitumia navyo, na fundi abakize inchi 1 na nusu ndani asikate yote. Kama mguu unakwenda ukipungua kuelekea chini, kuna mambo mawili ya kuangalia. Ukikata inchi 3, mdomo wa mguu unabaki mpana kuliko ulivyokuwa, hivyo huenda ukahitaji kubanwa kuanzia gotini. Pia kitambaa kinachokunjwa kuingia ndani ni chembamba kuliko pale kinapolala, kwa hiyo kitavuta na kutengeneza mikunjo hadi fundi aachie kidogo mshono wa pembeni ndani ya pindo. Ukiona pindo jipya limekunjamana hata baada ya pasi, hicho ndicho kilichorukwa.

Wapo wanaosema gharama ya fundi isizidi bei ya nguo. Sikubaliani nao. Bei ya mtumba hupangwa na saa uliyofika na siku robota lilipofunguliwa, na haikuambii thamani ya kitambaa. Suruali yetu imefika 14,000; uilinganishe na suruali ya sufu ya aina hiyo ikiwa mpya dukani, si na 8,000. Kwa shati la pamba jembamba lenye kola iliyoanza kulika, hata 2,000 ya kubana ubavu ni nyingi.

Koti lipimwe mabegani kwanza. Bega likishuka nje ya bega lako, ndani yake kuna pedi, bitana na mkono mzima wa kufumua, na wachache wanaurudisha mkono ukaning'inia sawasawa. Ubavu na mgongo hubanwa bila taabu. Mikono mirefu hufupishwa kuanzia chini kama matundu ya vifungo ni ya mapambo tu, maana fundi anahamisha vifungo na kazi imekwisha. Kama matundu yametobolewa kweli, hayahamishiki, na mkono itabidi ufumuliwe begani ufupishwe kwa juu. Hiyo ni bei ya koti jingine. Lirudishe kwenye henga.