Mkono, Haidromita na Udongo Mwekundu wa Uluguru

Kwenye miinuko iliyo chini ya Milima ya Uluguru, kuzunguka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, kuna udongo mwekundu ambao huugombanisha mkono na maabara. Ukiukanda haraka haraka kiganjani utasema ni tifutifu yenye mfinyanzi wa wastani. Ukiupima kwa haidromita unaweza kuambiwa kwamba nusu nzima ya udongo huo ni mfinyanzi. Wengi huamua papo hapo kwamba mkono umekosea, wanafuta walichoandika shambani na kuweka namba za maabara. Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Kabla ya kufuta chochote inafaa kujua kila kimoja kimepima nini.

Umbile la udongo ni uwiano wa chembe zake kwa ukubwa. Kwa vipimo vinavyotumika sana kwetu, mchanga ni chembe za kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05, silti ni za kutoka 0.05 hadi 0.002, na zilizo ndogo zaidi ya hapo ni mfinyanzi. Mkono hauoni chembe hizo mojamoja. Unahisi mkwaruzo wa mchanga, utelezi wa silti usionata, na mnato wa mfinyanzi, kisha unakisia uwiano.

Utaratibu unaofuatwa na wengi ulipangwa vizuri na Steve Thien wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas mwaka 1979. Unachukua udongo wa kujaza kiganja, kama gramu 25, unatoa kokoto na mizizi, kisha unaongeza maji tone kwa tone huku ukikanda mpaka ulainike kama unga wa chapati. Usipokubali kufinyangika kuwa donge, ni mchanga. Ukikubali, unausukuma kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada ili utoke utepe, nao unauacha urefuke mpaka ukatike kwa uzito wake wenyewe. Utepe usiofika sentimita 2.5 ni wa tifutifu. Kati ya 2.5 na 5 ni wa tifutifu yenye mfinyanzi. Ukipita 5 ni mfinyanzi. Mwisho unachukua kipande kidogo, unakilowesha kupita kiasi kiganjani na kukisugua kwa kidole. Ukihisi mkwaruzo zaidi, mchanga ni mwingi. Ukihisi utelezi mtupu, silti ndiyo nyingi.

Kwa udongo mweusi wa mbuga kwenye uwanda wa Mkata, kazi inaishia hapo. Utepe hutoka mrefu, udongo hung'ang'ania vidole, na maabara haina jipya la kukuambia. Shida iko kwa ule mwekundu. Sababu ya kwanza ni aina ya mfinyanzi wake. Ni kaolini kwa sehemu kubwa, na kaolini hainati wala haivimbi kama mfinyanzi wa mbuga, kwa hiyo kiasi kilekile cha mfinyanzi hutoa utepe mfupi zaidi. Sababu ya pili ndiyo nzito. Oksidi za chuma, zilezile zinazoupa udongo huo wekundu, hugandisha chembe za mfinyanzi kuwa vipunje vidogo vigumu. Kidoleni kipunje cha namna hiyo hakina tofauti na punje ya mchanga mwembamba au silti, ingawa ndani yake kuna maelfu ya chembe za mfinyanzi.

Dawa yake ni muda. Baada ya utepe wa kwanza, endelea kukanda kwa dakika kadhaa ukiongeza tone la maji kila udongo unapokauka, kisha toa utepe mwingine. Kama ule wa kwanza ulikatika kwenye sentimita 3 na wa pili ukafika 5 au zaidi, vipunje vimeanza kuvunjika mkononi mwako. Mkwaruzo nao hupungua. Mchanga wa kweli haupungui hata ukikanda mpaka jioni. Ndiyo maana naona ni kosa kuandika jina la umbile peke yake kwenye fomu ya shambani: urefu wa utepe wa kwanza na ule wa baada ya kukanda sana una habari ambayo jina halibebi.

Sasa maabara. Njia ya haidromita ilitolewa mwaka 1927 na George Bouyoucos, mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi yake Michigan, naye aliirekebisha tena mwaka 1962. Wazo lake ni jepesi. Chembe zikitawanywa ndani ya maji, kubwa hutangulia kuzama, na kadiri zinavyozama ndivyo maji yanavyopungua uzito. Haidromita ni chombo cha kioo kinachoelea. Hukaa juu maji yakiwa mazito, hushuka yakiwa mepesi, na ngazi yake husomwa kwa gramu za udongo ulioelea katika lita moja.

Unapima gramu 50 za udongo uliokaushwa hewani na kupita chekeche la milimita 2. Unaongeza mililita 100 za kalgoni, yaani sodiamu heksametafosfeti ya asilimia 5, pamoja na maji, unaacha usiku kucha, kisha unakoroga kwa mashine ambayo kimsingi ni ile ya mikahawani ya kukorogea maziwa baridi. Unamimina yote kwenye silinda, unajaza maji hadi lita moja, unachanganya kwa kijiti cha kuchovya juu na chini, halafu unaanza kuhesabu muda. Baada ya sekunde 40 mchanga umeshuka, na unachosoma ni silti pamoja na mfinyanzi. Baada ya saa mbili unasoma mfinyanzi. Kando yake inakaa silinda nyingine yenye maji na kalgoni bila udongo, nayo inasomwa vilevile.

Namba zifuatazo ni za mfano, ila zinafanana na unachoweza kukutana nacho kwa udongo huo. Sampuli ndogo ya pembeni ilikaushwa kwenye tanuri la nyuzi 105 ikapoteza asilimia 4 ya uzito, kwa hiyo gramu 50 zetu ni gramu 48 za udongo mkavu. Haidromita inasoma 33 kwenye sekunde 40 na 28 baada ya saa mbili. Silinda isiyo na udongo inasoma 4 mara zote mbili. Tukitoa 4, tunabaki na 29 na 24. Gawa 29 kwa 48 upate asilimia 60 za silti na mfinyanzi, maana yake mchanga ni 40. Gawa 24 kwa 48 upate asilimia 50 za mfinyanzi. Silti ni 10 zilizobaki. Kwenye pembetatu ya umbile huo ni mfinyanzi, bila ubishi.

Silinda isiyo na udongo huachwa mara nyingi kwa kuonekana mzigo, na hapo ndipo Morogoro inapotofautiana na kitabu. Haidromita husawazishwa kwa nyuzijoto 20. Maabara yenye nyuzi 26 ina maji mepesi zaidi, na chombo husoma pungufu kwa takriban gramu 0.36 kwa kila nyuzi, yaani zaidi ya gramu 2. Kwa sampuli ya gramu 48 hizo ni zaidi ya asilimia 4 za mfinyanzi. Kalgoni nayo hupandisha usomaji kwa upande wake. Silinda ya pili hufuta makosa yote mawili kwa pamoja, mradi ikae chumba kimoja na ile yenye udongo.

Kosa ambalo silinda hiyo haiwezi kulifuta ni la muda wenyewe. Kwa nyuzi 20, chembe yenye ukubwa wa mikroni 2 huhitaji karibu saa 8 kushuka sentimita 10. Saa mbili za Bouyoucos zinaacha maji yakiwa bado na chembe za hadi mikroni 4 hivi, kwa hiyo sehemu ya silti nyembamba inahesabiwa kuwa mfinyanzi. Kwenye udongo mwekundu uliokomaa, ambao silti yake ni kidogo, tofauti haiumi. Kwenye udongo mchanga kiumri ulioletwa na mito kandokando ya Ngerengere inaweza kuhamisha jina la umbile, na hapo ningesubiri saa zote nane.

Halafu haidromita hupima kile kilichotawanyika tu. Baada ya saa mbili tazama silinda kabla ya kusoma. Maji yanapaswa kuwa mekundu na mazito toka juu mpaka chini. Ukiona juu kuna maji maangavu na chini yake mpaka uliochongeka, mfinyanzi umegandamana na kuzama kwa mafungu. Namba utakayopata itakuwa ndogo na silti itaonekana nyingi kupita ilivyo. Mara nyingi mkosaji ni kalgoni iliyokaa kabatini muda mrefu ikapoteza nguvu. Tengeneza mpya, anza upya. Udongo wa msituni juu mlimani, wenye mboji nyingi, unahitaji zaidi ya hapo: mboji huchomwa kwanza kwa peroksidi ya haidrojeni, la sivyo huushika mfinyanzi na kuulainisha hata mkononi.

Uluguru ina mtego mmoja zaidi, nao ni ulanga. Miamba ya milima hii ina madini hayo kwa wingi kiasi kwamba yaliwahi kuchimbwa wakati wa ukoloni, na vipande vyake hung'aa kwenye udongo wa miteremko. Kigamba cha ulanga ni kipana na chembamba. Kidoleni huteleza, kwa hiyo mkono huandika silti. Majini huyumba na kushuka polepole, kwa sababu hesabu ya kuzama imeundwa kwa chembe ya duara, kwa hiyo kwenye sekunde 40 bado kinaelea na haidromita nayo huandika silti. Hapa vipimo viwili vinakubaliana na vyote vimekosea. Makubaliano ya mkono na haidromita kwenye udongo unaometameta yasikutulize.

Kinachotatua ni chekeche la milimita 0.053. Ukishamaliza kusoma, mimina silinda nzima juu yake, osha kwa maji mpaka yatoke maangavu, kausha kilichobaki na upime. Katika mfano wetu haidromita ilidai mchanga ni asilimia 40, yaani gramu 19 na ushei. Chekeche likibakiza 19, hesabu imesimama. Likibakiza 23, weka mabaki chini ya lenzi. Vigamba vinavyong'aa ni ulanga, na mchanga wa kuandikwa ni ule wa chekeche. Vipunje vyekundu vinavyosagika na kupaka rangi ukivibana kwa vidole vilivyoloa ni mfinyanzi ambao haukutawanyika, na hapo ni kuloweka tena na kukoroga zaidi.

Vipunje visipokubali hata baada ya hapo, rudi kwenye utepe wa kwanza wa shambani. Mvua ya masika inapopiga udongo huo, maji hupita kati ya vipunje hivyo vizima, na udongo wa asilimia 50 za mfinyanzi huyanywa haraka kuliko jina lake linavyoruhusu. Anayepanga mifereji na matuta kwenye mteremko atafikia makadirio bora akitumia utepe ule mfupi, angalau mpaka udongo ukanyagwe na kusindiliwa. Anayepanga mbolea ya fosfeti ashike namba ya haidromita, kwa sababu fosfeti hunaswa na uso wa chembe za mfinyanzi na chuma, ziwe zimegandamana au la.