Shaba Juu ya Kahawia Iliyokoza

Mteja alikaa kwenye kiti akanionyesha picha: nywele za shaba inayowaka. Zake zilikuwa kahawia iliyokoza, namba 3 kwenye kipimo cha wasusi, ambapo 1 ni nyeusi na 10 ni rangi ya mchele. Hazijawahi kuguswa na rangi wala dawa ya kulainisha. Hakutaka blichi. Nilimwambia kabla sijafungua kopo: utapata kahawia yenye shaba, itakayoonekana wazi juani na kutulia ndani ya nyumba. Rangi ya kwenye picha ni namba 7, na kwa kupaka mara moja tu hatufiki huko.

Rangi ya kudumu hufanya kazi mbili kwa pamoja. Amonia hufungua magamba ya unywele, peroksaidi hufifisha weusi wa asili, na rangi mpya hujijenga ndani. Peroksaidi ya asilimia 9 hupandisha namba mbili, tatu ukibahatika. Wekundu unaojitokeza weusi ukipungua, ambao mwenye kutaka kahawia baridi huuchukia, kwetu ni mtaji, kwa kuwa shaba huketi juu yake.

Nilichagua 6.4, nne baada ya nukta ndiyo shaba. Hatari ilikuwa kwenye shina. Joto la kichwa huharakisha kazi, na ukipaka kote kwa mpigo shina huwaka chungwa huku urefu ukibaki mweusi. Kwa hiyo nilichanganya mabakuli mawili. La kwanza, gramu 40 za rangi kwa mililita 60 za peroksaidi ya asilimia 9, nikalipaka urefuni, nikiacha sentimita mbili kutoka kichwani. Baada ya dakika 15 nikachanganya la pili, gramu 20 kwa mililita 30 za asilimia 6, nikapaka shina. Nikasubiri dakika 35 nyingine, kama maelekezo ya pakiti yalivyoruhusu, kisha nikasuuza.

Zilitoka namba 5 yenye shaba, sawa na kishungi nilichojaribu siku mbili kabla. Siku hiyohiyo nilimpaka kidogo nyuma ya sikio kupima mzio. Kwa wanawake wa pwani sikiachi kipimo hiki: piko ya harusini mara nyingi ina kemikali ya PPD, ileile iliyomo katika rangi nyingi za nywele, na aliyewahi kuwashwa au kutoka malengelenge kwa piko simpaki kabisa.

Nywele zilizokwisha kupakwa rangi nyeusi hazifuati hesabu hii. Rangi haiondoi rangi. Shina jipya litapata shaba na urefu utabaki ulivyo.

Shaba huchuja haraka. Nilimwomba aoshe mara moja kwa wiki, kwa maji ya uvuguvugu, na arudi baada ya wiki sita tupake shina pekee.