Aya ya tatu haikupaswa kupita

Wengi wenu mmeisoma ile insha iliyoshinda shindano la wanachuo wa ualimu, kuhusu lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania. Muundo wake mzuri, orodha ya marejeo imepangwa kialfabeti bila kasoro, na kuhusu Kiswahili kufanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967 mwandishi hakurundika marejeleo, maana hilo linajulikana na kila mtu. Kwa hayo apewe haki yake. Lakini aya ya tatu ni wizi wa maandishi, na waamuzi walioipitisha walikosea waziwazi.

Tazameni kilichofanyika. Nitabadili maneno machache ili chanzo na mwanachuo wasitambulike, na mtafiti nitamwita Fulani. Makala ya Fulani ilisema hivi: matatizo ya lugha ya kufundishia huwafanya wanafunzi wa kidato cha kwanza wakariri wasichokielewa, na walimu hulazimika kuchanganya lugha ili somo lisonge mbele. Insha ikaandika: changamoto za lugha ya kufundishia huwasababisha wanafunzi wa kidato cha kwanza washike kichwani wasichokifahamu, na waalimu hushurutika kubadilisha lugha ili kipindi kiendelee. Zimefuata sentensi nyingine nne za namna hiyohiyo, kisha mwisho wa aya kabisa, ndani ya mabano: (Fulani, 2012).

Hesabuni wenyewe. Matatizo yamekuwa changamoto, kukariri kumekuwa kushika kichwani, kulazimika kumekuwa kushurutika. Mpangilio wa mawazo haukuguswa: anaanza palepale alipoanza Fulani, anaweka koma palepale, anamaliza palepale. Hii ni baiskeli ya wizi iliyopakwa rangi mpya. Rebecca Moore Howard, mwalimu wa uandishi wa Marekani, aliuchambua uandishi huu wa viraka mwaka 1993, na alikuwa mpole kuliko mimi: aliuona kama hatua anayopitia mtu anayejifunza kuandika kama wasomi. Sawa, iwe hatua. Basi mwanafunzi arudishiwe kazi akaandike upya; hatua haipewi tuzo.

Ubaya wa viraka hauishii kwenye uaminifu. Vinaharibu habari yenyewe. Fulani alisema walimu wanachanganya lugha, yaani mwalimu mmoja, katika maelezo yaleyale, anatia Kiswahili ndani ya Kiingereza. Insha inasema wanabadilisha lugha, na msomaji ataelewa kwamba mwalimu ameacha Kiingereza akahamia Kiswahili moja kwa moja. Hayo ni mambo mawili tofauti darasani, na sera haiwezi kuyatendea kwa namna moja. Mwanachuo hakukusudia kupotosha. Alikuwa anatafuta neno lingine tu, na alipolipata hakujiuliza kama linabeba jambo lilelile. Neno la kitaaluma huachwa lilivyo. Linalobadilika ni sentensi inayolizunguka.

Ilipaswa kufanywaje? Umberto Eco, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu kuandika tasnifu, alitoa kipimo ambacho hakijapitwa na chochote: ukiweza kueleza maneno ya mtu bila maandishi yake kuwa mbele yako, hukunakili, na zaidi ya hapo umeelewa. Walimu wetu wa zamani walitufundisha kwa kadi. Unasoma ukurasa, unafunga kitabu, unaandika kwenye kadi ulichoelewa pamoja na jina, mwaka na ukurasa, na maneno uliyoyachukua yalivyo unayafungia alama za kunukuu hapohapo. Ukifika kuandika, kitabu kiko rafuni. Siku hizi makala iko wazi upande mmoja wa kompyuta na insha upande wa pili, na jicho linarukaruka kati yake. Viraka huzaliwa hapo.

Kwa kadi, aya ile ingeweza kusomeka hivi: Fulani (2012, uk. 47) anaona kwamba mwalimu anayechanganya Kiswahili na Kiingereza hana njia nyingine, kwa kuwa wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajaimudu lugha ya kufundishia na hukimbilia kukariri; bila kuchanganya, kipindi kinakwama. Imeanzia kwa mwalimu, si kwa tatizo. Madai ni yaleyale, hakuna lililoongezwa. Jina limetangulia, kwa hiyo msomaji anajua tangu neno la kwanza kwamba anasikia sauti ya Fulani. Baada ya hapo mwanachuo angeweka nukta na kusema lake: je, hali hiyo ni ya kidato cha kwanza tu? Hapo ndipo insha ingekuwa yake. Jina likikaa mwisho wa aya ya sentensi tano, nani anajua sentensi ya kwanza ni ya nani?

Nimetia ukurasa kwa makusudi. Mtindo wa APA, toleo la saba, unaulazimisha kwenye nukuu ya moja kwa moja, lakini kwa maelezo ya maneno yako unauruhusu tu. Anayetaja ukurasa huwa ameufungua.

Insha yenyewe inanithibitishia. Katika aya ya nne imetaja (Criper na Dodd, 1984) na kudai kwamba ripoti yao ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari. Hapana! Criper na Dodd walikuta Kiingereza cha wanafunzi kikiwa duni mno, kisha wakapendekeza Kiingereza kiendelee. Mgongano huo ndio uliowafanya wajadiliwe miaka yote hii. Waliopendekeza Kiswahili ni Tume ya Makweta, mwaka 1982. Mwanachuo hakuiona ripoti ya 1984. Aliikuta imetajwa ndani ya makala nyingine na akainyakua pamoja na jina lake. Angeandika (Criper na Dodd, 1984, walivyonukuliwa na Fulani, 2012), na katika marejeo angemweka Fulani peke yake, kwa sababu ndiye aliyemsoma. Kosa lingebaki, lakini lisingevaa sura ya ushahidi.

Waamuzi wanajitetea kwamba ripoti ya mfanano ilionyesha asilimia 9. Nimechoka na asilimia hizi. Programu kama Turnitin inalinganisha mfuatano wa maneno na matini zilizomo kwenye hifadhi yake. Haihukumu wizi, na wenye programu wenyewe wanasema hivyo. Ukibadili kila neno la tatu, mfuatano unakatika na asilimia inashuka. Ukinukuu kwa uaminifu, ndani ya alama zake, asilimia inaweza kupanda. Ukitafsiri makala ya Kiingereza kwa Kiswahili bila kumtaja mwenyewe, mara nyingi haitaona kitu. (Na mtajeni: kwa APA tafsiri uliyoifanya mwenyewe huhesabiwa kama maelezo ya maneno yako, haitiwi alama za kunukuu, lakini mwenye wazo hutajwa.) Wizi wa aya ya tatu unaonekana kwa kuziweka matini mbili ubavu kwa ubavu na kuzisoma. Ni kazi ya dakika chache, na waamuzi hawakuifanya.

Sitaki kijana anyang'anywe tuzo. Nawaomba waandaaji wamrudishie insha aandike upya aya ya tatu na ya nne kabla haijawekwa maktaba, maana ikishawekwa humo wa mwaka ujao wataiiga. Na waamuzi, safari ijayo, someni vyanzo.