Karatasi Moja, Madaftari Mawili

Deni la dukani lina ubaya mmoja ambao hata mdaiwa mwaminifu hawezi kuuponya: halihamishiki kirahisi. Mteja ameandikwa daftarini, mali imeondoka, na anayedai hana la kufanya ila kungoja. Akibanwa na kodi ya ghala au mishahara ya vibarua, hawezi kumpelekea mwenye nyumba ukurasa wa daftari. Hawala ya biashara na hati ya ahadi ni ufundi wa kuliondoa deni daftarini na kuliweka kwenye karatasi inayotembea. Nausifu ufundi huo kwa sababu ya usafi wake: karatasi ni moja, lakini huandikwa katika madaftari mawili kwa namna zinazotazamana, na ukijua kusoma upande mmoja unaweza kuuandika wa pili bila kuuona.

Tuchukue mwenye ghala la mbao Dar es Salaam aliyemuuzia fundi samani wa Morogoro mbao za shilingi 6,000,000. Fundi anahitaji miezi mitatu apasue, aunge, apige vanishi na kuuza makabati yake. Mwenye mbao hamkatalii, ila anaandika karatasi hii:

“Dar es Salaam, 4 Machi 2024. Sh. 6,000,000. Miezi mitatu baada ya tarehe hii, nilipe mimi au yeyote nitakayemwamuru shilingi milioni sita tu, kwa thamani iliyopokelewa.”

Chini anatia saini yake, na pembeni anaandika jina na anwani ya fundi. Angalia nani anaandika. Anayedai ndiye anayetoa amri, na anayedaiwa anapelekewa karatasi aikubali. Fundi huandika kwa kukata uso wa karatasi, “Nimekubali, italipwa katika benki yangu Morogoro,” kisha anasaini na kuirudisha. Kabla ya saini hiyo karatasi haimfungi, kwa kuwa hakuna anayewajibika kwenye hawala ambayo hakuisaini. Baada yake, fundi ndiye mdaiwa wa kwanza wa yeyote atakayeishika karatasi kihalali.

Maneno yale machache yamepimwa. Sheria ya Hawala ya Uingereza ya mwaka 1882, iliyoandikwa na Mackenzie Chalmers na ambayo ndiyo mzazi wa Sura ya 27 ya Kenya na Sura ya 215 ya Tanzania, inataka amri isiyo na sharti, iliyoandikwa na kusainiwa, ya kiasi cha fedha kinachojulikana, kwa wakati unaojulikana au usio na budi kufika. Mwenye mbao angeandika “nilipe ukishauza makabati”, asingekuwa na hawala, kwa maana makabati yanaweza yasiuzwe. “Siku tisini baada ya harusi ya fulani” nayo haifai, kwani harusi huvunjika. Lakini “siku tisini baada ya kufa kwa fulani” inakubalika, kwa kuwa kifo hakikosi, hata kama hakuna ajuaye siku. Na kiasi kikitofautiana kati ya tarakimu na maneno, maneno ndiyo yanayoshika. Ndiyo maana mwandishi mzoefu huandika kiasi kwa maneno na kumalizia na “tu”, asimwachie mtu nafasi ya kuongeza.

Sasa tufungue madaftari. Siku ya mauzo, mwenye mbao alimweka fundi upande wa debiti kwa 6,000,000 na kuweka Mauzo krediti. Fundi naye aliweka Manunuzi debiti na mwenye mbao krediti. Karatasi ilipokubaliwa, mwenye mbao anafungua akaunti ya Hawala za Kupokea na kuiweka debiti 6,000,000, kisha anamwandika fundi krediti kwa kiasi hichohicho. Kule Morogoro, fundi anamweka mwenye mbao debiti, na Hawala za Kulipa krediti. Akaunti zao binafsi zimefungwa kwa sifuri, ingawa hakuna senti iliyotoka mfukoni kwa mtu. Mwanafunzi wa uhasibu hushtuka hapa na kuuliza kama deni limelipwa. Halijalipwa, limebadili makazi. Zamani lilikaa kwa jina la mtu, sasa linakaa kwenye karatasi, na karatasi ina tarehe.

Tarehe hiyo huhesabiwa kwa miezi ya kalenda: miezi mitatu kutoka 4 Machi ni 4 Juni. Hawala ya mwezi mmoja iliyoandikwa tarehe 31 Januari huiva siku ya mwisho ya Februari. Sheria ya 1882 iliongeza siku tatu za hisani juu ya tarehe ya kuiva. Uingereza ilizifuta kwa sheria ya mwaka 1971, ila India imezihifadhi katika sheria yake ya 1881. Sisi tutazihesabu kama hazipo.

Tarehe 4 Aprili mwenye mbao anahitaji fedha. Anaigeuza karatasi, anasaini mgongoni, na kuipeleka benki. Benki inainunua kwa diskaunti ya asilimia 18 kwa mwaka. Imebaki miezi miwili, hivyo hesabu ni 6,000,000 mara 18 kwa mia mara 2 kwa 12, yaani 180,000. Mwenye mbao anapokea 5,820,000. Benki halisi huhesabu siku badala ya miezi na hupata zaidi kidogo, lakini umbo la hesabu ni hilo.

Hapa pana jambo ambalo mfanyabiashara makini hulitazama mara mbili. Benki imekata riba yake juu ya 6,000,000, wakati fedha iliyotoa ni 5,820,000 tu. Ukigawa 180,000 kwa 5,820,000 na kuzidisha kwa vipindi sita vya miezi miwili, gharama halisi inakaribia asilimia 18.6 kwa mwaka. Tofauti ni ndogo kwa karatasi fupi, na hukua kadiri muda unavyorefuka. Anayelinganisha diskaunti na mkopo wa kawaida kwa kutazama asilimia zilizotajwa peke yake anajipunja.

Daftari la mwenye mbao sasa linasema: Benki debiti 5,820,000, Gharama ya Diskaunti debiti 180,000, Hawala za Kupokea krediti 6,000,000. Na daftari la fundi linasema nini siku hiyo? Halisemi kitu. Kwangu mimi, ukurasa huo mtupu ndio sehemu nzuri kuliko zote katika ufundi huu. Karatasi imeuzwa, mwenye kudai amebadilika, bei imejadiliwa, na aliyeikubali hahitaji kuandika hata mstari mmoja. Aliahidi kulipa 6,000,000 tarehe 4 Juni kwa yeyote atakayeishika, na ahadi hiyo haijaguswa. Wala diskaunti haimhusu: ni gharama ya mwenye mbao aliyetaka fedha mapema. Kwa upande wake, fundi hawezi kuikwepa benki kwa kulalamika kwamba mbao zilikuwa na nyufa. Benki iliyoinunua kwa nia njema haikununua ugomvi wa mbao. Ugomvi huo atautafutia suluhu kwa aliyemuuzia.

Fundi akilipa tarehe 4 Juni, ataandika Hawala za Kulipa debiti na Benki krediti, na mwenye mbao hataandika kitu. Ukimya umehamia upande wa pili. Lakini tuseme akaunti ya fundi haina fedha na hawala inarudi. Benki lazima imtaarifu mwenye mbao bila kuchelewa. Wakiwa mji mmoja, taarifa imfikie kabla siku ya pili haijaisha. Benki ikizembea bila udhuru, mwenye mbao aliyesaini mgongoni ameponyoka. Mara nyingi hawala hupelekwa pia kwa notari, aiwasilishe tena na kuandika kwamba imekataliwa. Kwa hawala za ndani ya nchi hilo si sharti, lakini ni ushahidi wenye nguvu. Tuseme notari ametoza 15,000.

Benki inaikata akaunti ya mwenye mbao 6,015,000. Naye anamfufua fundi daftarini: fundi debiti 6,015,000, Benki krediti 6,015,000. Kosa linalorudiwa mara nyingi hapa ni kumrudishia fundi 5,820,000, au kumtwisha na ile diskaunti ya 180,000. Vyote viwili si haki: fundi aliahidi 6,000,000, na gharama aliyoisababisha kwa kutolipa ni ya notari pekee. Morogoro, fundi anaweka Hawala za Kulipa debiti 6,000,000, Gharama za Notari debiti 15,000, na mwenye mbao krediti 6,015,000. Madaftari mawili yanatazamana tena uso kwa uso.

Wanakaa kuzungumza. Fundi analipa 2,015,000 taslimu na kuomba miezi miwili kwa 4,000,000 zilizobaki, kwa riba ileile ya asilimia 18, ambayo ni 120,000. Safari hii wanatumia hati ya ahadi. Mwandishi sasa ni mdaiwa mwenyewe: “Miezi miwili baada ya tarehe hii naahidi kumlipa fulani, au yeyote atakayemwamuru, shilingi milioni nne na laki moja na elfu ishirini tu.” Hakuna amri wala haja ya kukubali, kwa kuwa ahadi ni deni na aliyeahidi ameshasaini. Hati hiyo hukamilika inapokabidhiwa. Ikilala kwenye droo ya fundi bado haijazaliwa. Mwenye mbao anamwongezea fundi debiti ya riba 120,000 na kuweka Riba Iliyopatikana krediti. Kisha anaweka debiti Benki 2,015,000 na Hati za Kupokea 4,120,000, na kumwandika fundi krediti 6,135,000. Fundi yuko sifuri tena. Kwake mwenyewe, Hati za Kulipa zinasoma 4,120,000.

Ufundi huu una sehemu moja inayoweza kudanganya, nayo ni kile kipindi cha kati ya 4 Aprili na 4 Juni. Mwenye mbao akifunga hesabu zake 31 Mei, daftari litaonyesha fedha benki na hawala sifuri, kana kwamba biashara imekwisha. Ilhali saini yake iko mgongoni mwa karatasi, na fundi akianguka, 6,000,000 zinamrudia. Wahasibu wa zamani waliandika tanbihi chini ya mizania wakitaja hawala zilizouzwa ambazo hazijaiva. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 9 kinakwenda mbali zaidi: ikiwa hatari ya kutolipwa imebaki kwa muuzaji, hawala haiondolewi katika mali zake, na fedha aliyopewa na benki inaandikwa kama mkopo.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawala imenifundisha kwamba deni nalo hupotea hivyohivyo, hata ndani ya daftari lililojumlishwa sawasawa. Kwa hiyo nikikabidhiwa vitabu vya mfanyabiashara anayeuza hawala benki, swali langu la kwanza huwa moja: karatasi zipi zenye saini yako mgongoni ziko mikononi mwa watu wengine leo, na zinaiva lini? Anayejibu kwa orodha yenye majina na tarehe anazijua hesabu zake. Anayejibu kwamba zote zimeshalipwa kwa sababu benki imempa fedha, bado hajajua alichouza.