Chupa Moja Mbele ya Maharusi

Katika karamu ya harusi moja mjini Dodoma, rafiki wa bwana harusi, aliyesoma naye chuo humo humo, alipewa nafasi ya kuwatakia maharusi heri, naye akasema maneno yasiyozidi 70, ambayo nayanukuu yote ili tuyachambue:

“Wazee wetu, mama zetu, na ndugu zangu. Tulipokuwa chuoni tulichanga, tukanunua chupa moja ya mvinyo wa Dodoma, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani. Kizibuo hatukuwa nacho. Kizibo tukakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Kikombe cha kwanza bwana harusi hakukinywa. Alimpelekea jirani yetu aliyefeli mtihani siku ile. Shemeji, huyo ndiye uliyemkubali. Tusimameni, tuinue bilauri, kila mtu na kinywaji chake: maisha marefu kwa maharusi!”

Hadhira ya harusi ni mchanganyiko wa wazee, wakwe na vijana, na aghalabu kisa cha ujana huharibika kwa kuwa msemaji huzungumza na wale waliokuwapo tu, akicheka kabla ya wenziwe, huku meza za wakwe zikitazamana. Huyu alijihadhari na hilo kwa kuchagua vitu ambavyo hata bibi asiyeonja mvinyo huviona mara moja, yaani mwiko, kizibo na kikombe; kisha akaacha habari zote za ulevi, ambazo mbele ya wakwe zingemvunjia heshima yule anayekusudiwa kusifiwa.

Kizibo kilichosukumwa ndani hakirudi mahali pake, na chupa isiyozibika haiwekwi akiba. Hivyo msikilizaji alikwisha kutazamia kwamba vijana wale watainywa yote, na kwa sababu hiyo kile kikombe cha kwanza kinachotoka mlangoni kwenda kwa jirani kilimshtua kwa furaha, kikamwonyesha tabia ya bwana harusi pasipo kutajwa neno ukarimu. Jirani mwenyewe hakutajwa jina, nayo ni adabu, maana pengine alikuwa ukumbini.

Baada ya hapo msemaji alimgeukia bibi harusi kwa sentensi moja, kwani bila hiyo kisa kingebaki mali ya marafiki wawili, naye bibi harusi angekuwa mgeni katika karamu yake. Muda wote huo bilauri ya msemaji ilikuwa mezani; mwenye kuiinua mapema huwafanya wengine nao wainue zao, mikono ikachoka, na baadhi wakanywa kabla ya dua. Kauli ya “kila mtu na kinywaji chake” iliwaingiza wenye maji na sharubati, na yale maneno ya kutakia heri yakawekwa mwisho kabisa, ili ukumbi mzima ujue bila kuambiwa kwamba sasa ndipo pa kuitikia.