Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Ufanano

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa uzamili ameandika tasnifu ya Kiswahili kuhusu nyimbo za unyago za Wayao wa Mbesa, mkoani Ruvuma. Tasnifu ina maneno 20,000. Imepitishwa kwenye Turnitin na kurudi na asilimia 31, na chuo chake kimeweka kikomo cha asilimia 30. Anaambiwa apunguze. Anakaa siku mbili akibadilisha neno hapa na neno pale, ripoti ya pili inasoma 28, na kazi inapita. Katika safari yote hiyo hakuna aliyesoma ripoti. Wote wamesoma namba iliyo juu yake.

Namba hiyo inasema jambo moja tu: kati ya maneno 20,000, kama 6,200 yamo katika mifuatano ya maneno iliyokutwa pia mahali pengine. Turnitin hulinganisha kazi na mafungu matatu: kurasa za mtandao, machapisho kama vile majarida na vitabu, na kazi za wanafunzi zilizowahi kuwasilishwa. Namba hiyo haisemi kama mwandishi ametaja chanzo au hakutaja. Rangi nazo hazihukumu. Kijani hufika asilimia 24 na njano huanzia 25, lakini mpaka huo ni wa kurahisisha kutazama, si mpaka wa uaminifu.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kuhusu 31, uliza ripoti ilitolewa kwa mpangilio gani. Msimamizi anaweza kuamuru mfumo uache nukuu, uache orodha ya marejeleo, au uache vipande vifupi visivyofika idadi fulani ya maneno. Faili moja likipitishwa katika ofisi mbili zenye mipangilio tofauti, litatoa asilimia mbili tofauti, na zote mbili ni sahihi. Kwa kazi za Kiswahili kuna tahadhari ya ziada: mfumo huitambua orodha ya marejeleo kwa vichwa vya habari unavyovifahamu, na kichwa cha Kiswahili kinaweza kuupita. Usiamini kwamba orodha imeachwa. Fungua kurasa za mwisho uone kama bado zimepakwa rangi.

Sasa tuifungue ile 31. Asilimia 7 zimo kwenye marejeleo, na ndivyo inavyotakiwa, maana jina la kitabu huandikwa vilevile na kila anayekitaja. Asilimia 4 zimo kwenye kurasa za mwanzo: uthibitisho wa msimamizi, hakimiliki, ikirari. Maneno ya kurasa hizo hutolewa na chuo, na kila tasnifu huyabeba. Asilimia 5 ni nukuu zilizofungiwa alama na kutajiwa mwandishi, mwaka na ukurasa. Asilimia 3 ni vipande vya <1% kila kimoja, vya namna ya “kwa mujibu wa malengo mahususi ya utafiti huu”. Jumla ni 19, na hakuna kosa ndani yake. Zimebaki 12, na hizo ndizo za kukaa nazo.

Sita kati ya hizo zimo katika sura ya tatu, kwenye mbinu za utafiti. Kila anayesimamia tasnifu anaijua sura hii: maana ya usampulishaji, maana ya usaili, na jina la Kothari katika kila aya. Ripoti inaonyesha kwamba aya mbili zinafanana, neno kwa neno, na kazi ya mwanafunzi mwingine iliyoandikwa miaka kadhaa nyuma. Kothari ametajwa, lakini aliyesomwa ni mwanafunzi huyo, ambaye jina lake halimo popote. Kosa hilo lina tiba: mwandishi akisome kitabu chenyewe, kisha aeleze kwa maneno yake jinsi alivyowachagua wahojiwa wake wa Mbesa. Akibadilisha maneno tu, rangi itafutika na kosa litabaki palepale.

Sita za mwisho zimo katika sura ya nne, kwenye nyimbo zenyewe, na hapa ndipo msomaji makini hupunguza mwendo. Nyimbo nne za Kiyao zinafanana na tasnifu ya awali. Je, zimeibwa? Ufanano peke yake hautoshi kusema hivyo. Wimbo wa unyago ni mali ya jamii, na watafiti wawili wanaweza kuukusanya katika vijiji viwili bila kujuana. Tazama mambo ambayo mila haiyapangi: mistari imekatwa mahali gani, sauti za Kiyao zimeandikwa kwa tahajia gani, na zaidi ya yote, tafsiri ya Kiswahili iliyo kando. Watu wawili wanaweza kuusikia wimbo mmoja, lakini ni vigumu mno waufasiri kwa sentensi zilezile, na kosa lilelile la chapa katika ubeti uleule. Ukiona mambo yote matatu yanafanana, una sababu ya kumwita mwandishi aje na rekodi za sauti na daftari lake la uwandani. Rekodi zikiwapo na zikilingana na maandishi, jambo limekwisha. Zisipokuwapo, uchunguzi umeanza.

Orodha ya vyanzo nayo isomwe kwa subira. Chanzo kilichopewa namba 1 ndicho chenye maneno mengi yanayofanana, na huenda sicho asili. Mara nyingi ukurasa wa mtandao unaoongoza orodha nao umenakili kitabu ambacho mfumo haukioni. Linganisha tarehe. Palipoandikwa Student Paper, huenda usiweze kuifungua kazi yenyewe bila ruhusa ya chuo ilikowasilishwa, na usichoweza kukisoma usikitumie kama ushahidi. Na ukikuta asilimia 90 kutoka chanzo kimoja, hakikisha kwanza kwamba si rasimu ya mwandishi huyohuyo iliyohifadhiwa alipoiwasilisha mara ya kwanza.

Asilimia ndogo nayo isikupumbaze. Mtu akichukua sura nzima ya kitabu cha Kiingereza na kuitafsiri kwa Kiswahili, ripoti ya kawaida inaweza kurudi na asilimia 6. Vitabu vya zamani ambavyo havijaingizwa kwenye kompyuta havionekani, wala tasnifu zilizobaki kwenye rafu za maktaba. Kazi iliyoandikwa na mtu mwingine kwa malipo inaweza kuwa safi kabisa. Hapo sikio lako ndilo litakalokusaidia: sentensi za Kiswahili zenye mpangilio wa Kiingereza, au marejeo ya ghafla kwa mambo ambayo tasnifu haikuyagusa kabla.

Usomaji wa namna hii unaweza kumwangusha hata mkubwa. Wanaofahamu Chuo Kikuu cha Bayreuth kwa masomo yake ya Kiswahili watakumbuka kwamba chuo hichohicho, Februari 2011, kilimvua shahada ya uzamivu Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi wa Ujerumani, naye akajiuzulu mwezi uliofuata. Waliomwangusha ni wasomaji walioweka vifungu vya tasnifu yake kando ya vyanzo vyake, ukurasa kwa ukurasa, hadi hakukuwa na la kubishia.

Fanya hivyohivyo hata kwa tasnifu moja ya Mbesa. Kwa kila kifungu unachokitilia shaka andika ukurasa, chanzo na tarehe yake, urefu wa maneno yanayofanana, kama chanzo kimetajwa, na maelezo ya mwandishi baada ya kuulizwa. Jedwali la mistari mitano ya namna hiyo linaweza kumtia mtu hatiani au kumsafisha kwa haki. Asilimia 31 haiwezi kufanya lolote kati ya hayo, na wala 28 haiwezi.